Moto au Mafuriko: Kifungu Kirefu cha Mkataba Kinapovuka Lugha

Mfanyabiashara amepanga fremu ya duka katika jengo la ghorofa. Jioni moja msaidizi wake anasahau kuzima pasi, moto unawaka, na kabla haujazimwa mlango na madirisha mawili yameteketea. Mwenye jengo anataka mpangaji alipe. Mpangaji anafungua mkataba wake wa Kiswahili, anasoma kifungu cha ukarabati, na anasema hadaiwi kitu, kwa kuwa moto umetajwa miongoni mwa mambo yanayomwondolea wajibu. Mwenye jengo anafungua nakala yake ya Kiingereza na kuona kinyume kabisa. Wote wawili wamesoma vizuri.

Kisa hiki nimekitunga ili tuone mambo yanavyokwenda, lakini kifungu chenyewe ni cha aina inayopatikana katika mikataba mingi ya pango. Hivi ndivyo kinavyosomeka kikitafsiriwa kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza hatua kwa hatua:

"Mpangaji, isipokuwa pale ambapo uharibifu umetokana na uchakavu wa kawaida au moto au mafuriko ambayo hayakusababishwa na uzembe wake au wa wafanyakazi wake, na baada ya kupewa taarifa ya maandishi na mwenye jengo, ndani ya siku 14 atakarabati kwa gharama zake milango, madirisha na vifaa vya umeme vilivyowekwa na mwenye jengo."

Kila neno hapo ni sahihi. Ukilipima moja moja kwa kamusi hutapata kosa. Hitilafu imo katika maungio, yaani pale neno moja linapotakiwa kushika lingine.

Tuanze na moto. Katika Kiingereza, maneno yanayosema "ambayo hayakusababishwa na uzembe" hayabadiliki kwa kufuata nomino. Yamewekwa mwishoni mwa orodha na msomaji anaelewa kuwa yanahusu moto na mafuriko kwa pamoja. Kiswahili hakiachi jambo hilo wazi hivyo. Neno "ambayo" limevaa ngeli, na ngeli hiyo ni ya mafuriko. Moto ungedai "ambao haukusababishwa". Kwa hiyo wakili wa mpangaji ana hoja nzito: sharti la uzembe limefungwa kwa mafuriko peke yake, na moto umesamehewa bila sharti lolote, hata ukiwashwa na pasi iliyosahauliwa. Wakili wa upande wa pili atajibu kwamba katika Kiswahili upatanisho huweza kufuata nomino iliyo karibu hata pale sifa inapohusu nomino zote. Naye hajakosea. Ubishi huo haukuwamo katika nakala ya kwanza. Umezaliwa na tafsiri.

Sasa tazama mwisho wa kifungu: milango, madirisha na vifaa vya umeme "vilivyowekwa na mwenye jengo". Je, mpangaji anakarabati milango yote, au ile tu iliyowekwa na mwenye jengo? Upatanisho wa "vi" unaweza kuwa wa vifaa peke yake. Lakini sote tunasema "meza, kiti na kabati vimevunjika", kwa sababu "vi" ndiyo tunayoikimbilia nomino za ngeli mbalimbali zinapokusanyika. Basi kiambishi kile kile kinaweza kusomwa kwa njia mbili, na kila njia ina bei yake. Ikiwa mpangaji aliyetangulia aliweka mlango wa kioo kwa fedha zake na kuuacha alipohama, jibu la swali hili ndilo litakaloamua nani analipia kioo kikivunjika.

Hapa ndipo ninapoona watu wengi wanaisoma vibaya lugha yetu. Husikika madai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sheria kwa ukali unaotakiwa. Ukweli ni kwamba mara nyingi Kiswahili kinabana zaidi. Neno "vilivyowekwa" peke yake linaeleza wakati, linaonyesha ni vitu gani, na linatuambia kuwa viliwekwa na mwingine. Mfumo wa ngeli unaweza kumaliza utata ambao Kiingereza kingeuacha. Andika "matengenezo ya jengo ambayo", na msomaji anajua unazungumzia matengenezo. Andika "matengenezo ya jengo ambalo", na anajua ni jengo. Tatizo ni kwamba ngeli inamlazimisha mtafsiri kuchagua, na akichagua bila kufikiri, anakuwa ameandika sharti ambalo pande mbili hazikukubaliana.

Jambo la tatu ni umbali. Kiingereza cha mikataba hupenda kumtaja mhusika, kisha kuingiza masharti na misamaha, ndipo kifike kwenye kitenzi. Kiswahili kikifuata njia hiyo kinachoka katikati. Ukifika kwenye "atakarabati", umeshapita mpangaji, wafanyakazi wake na mwenye jengo, na karibu kabisa na kitenzi amesimama mwenye jengo. Kiambishi "a" kinamfaa yeye sawasawa na kinavyomfaa mpangaji. Vivyo hivyo "gharama zake": zake nani? Katika mazungumzo ya kawaida tungeelewana kwa akili ya kawaida, ila mkataba huandikwa kwa ajili ya siku ambayo uelewano huo umekwisha.

Dawa ni kuvunja sentensi kabla ya kuitafsiri. Mtafsiri aliyezoea kazi hii haanzi na neno la kwanza. Huchukua kalamu na kutafuta kwanza wajibu wenyewe: nani, afanye nini, kwa gharama za nani, kwa muda gani. Kisha hutenga hali zinazouwasha wajibu huo, hapa ni uharibifu kutokea na taarifa kutolewa. Mwisho hutenga misamaha, na chini ya kila msamaha huandika sharti lake. Mwaka 1843 mwanasheria Mwingereza George Coode alishauri sentensi za sheria zipangwe kwa utaratibu wa namna hii: kwanza hali, halafu sharti, halafu mhusika wa kisheria, halafu kitendo chake. Waandishi wa Kiingereza hawakumfuata kila mara, lakini ushauri wake unakaa vizuri sana katika Kiswahili, kwa sababu sisi tunapenda kutanguliza "iwapo" na kumalizia na matokeo.

Kifungu chetu kikipangwa upya kinakuwa hivi:

"9.2 Iwapo kitu chochote kati ya vilivyotajwa hapa chini kimeharibika, na mwenye jengo amempa mpangaji taarifa ya maandishi kuhusu uharibifu huo, mpangaji atawajibika kukikarabati kitu hicho kwa gharama za mpangaji ndani ya siku 14 baada ya mpangaji kupokea taarifa hiyo. Vitu hivyo ni vifuatavyo, vikiwa vimewekwa na mwenye jengo: (a) milango, (b) madirisha, na (c) vifaa vya umeme. Mpangaji hatawajibika kufanya ukarabati huo iwapo uharibifu umetokana na: (d) uchakavu wa kawaida, au (e) moto au mafuriko, ikiwa tukio hilo halikusababishwa na uzembe wa mpangaji wala uzembe wa mfanyakazi wa mpangaji."

Kimerefuka, na mwalimu wa insha angelalamika kwamba neno "mpangaji" limerudiwa kupita kiasi. Alirudie. Katika mkataba, urembo wa kubadilisha maneno ni hatari: ukiandika "ukarabati" hapa na "matengenezo" kule, msomaji makini atadhani ni kazi mbili tofauti. Hata uteuzi wa "mwenye jengo" badala ya "mpangishaji" nimeufanya kwa makusudi, maana "mpangaji" na "mpangishaji" vinatofautiana kwa silabi moja tu, na jicho lililochoka huivuka.

Angalia pia kilichofanyika kwa moto. Badala ya kutafuta ngeli itakayoshika nomino zote mbili, tumeleta nomino ya jumla, "tukio hilo", na sharti limening'inizwa hapo. Njia hii inafaa kila mara orodha inapochanganya ngeli. Na pale palipokuwa na "au" chini ya ukanushi, sasa pana "wala". "Hayakusababishwa na uzembe wake au wa wafanyakazi wake" kunaweza kudaiwa kumaanisha kwamba yatosha mmoja wao asiwe na kosa. "Wala" inafunga mlango huo.

Kitenzi cha wajibu nacho kimebadilika. "Atakarabati" kinaweza kuwa ahadi, utabiri au amri. "Atawajibika kukarabati" hakina njia nyingine. Katika ukanushi hatari huongezeka. "Hatawajibika kukarabati" maana yake ni kwamba halazimiki, ingawa akitaka anaweza. Kama nia ni kumkataza, iandikwe "hataruhusiwa". Makosa ya hapa ni ya kimya, kwa sababu sentensi zote mbili husikika vizuri.

Kuna mipaka ambayo mtafsiri hatakiwi kuivuka. Namba ya kifungu isiguswe: 9.2 ibaki 9.2 katika lugha zote mbili, na mgawanyo mpya ufanyike ndani yake kwa herufi, la sivyo kila kifungu kinachorejelea kingine kitaelekeza mahali pengine. Na pale Kiingereza chenyewe kina utata, kama katika suala la milango na aliyeiweka, mtafsiri hana mamlaka ya kuumaliza. Tafsiri yangu hapo juu imechukua upande mmoja; katika kazi halisi ningemwandikia mwenye mkataba na kungoja jibu la maandishi kabla ya kuchapa.

Baada ya kazi kuisha, wengi huipima kwa kumpa mtu mwingine airudishe katika Kiingereza. Kipimo hicho husaidia kidogo tu, kwa kuwa mrudishaji mzuri hunyoosha palipopinda bila kujua. Ninaamini zaidi maswali. Mpe nakala ya Kiswahili mtu ambaye hajaiona ya Kiingereza, umuulize: mteja akivunja kioo cha dirisha, nani analipa? Pasi ya mfanyakazi ikiunguza mlango je? Taarifa ikitolewa kwa simu, siku 14 zinaanza kuhesabiwa? Muulize mwingine maswali hayo hayo kwa nakala ya Kiingereza. Majibu yakitofautiana, kifungu kirudi mezani.

Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Lakini mikataba mingi ya biashara bado huandikwa kwanza kwa Kiingereza, na mara nyingi kurasa za mwisho huwa na kifungu kinachosema nakala ya lugha ipi itatawala zikipingana. Ndugu msomaji, kabla ya kusaini, kitafute kifungu hicho. Kama lugha inayotawala ni Kiingereza, basi karatasi ya Kiswahili uliyoisoma si ndiyo itakayokubana. Omba mtu unayemwamini akusomee kifungu cha ukarabati na cha malipo kutoka katika nakala ya Kiingereza, na umuulize habari za moto.