Kenta: Ukodi au Ununue?

Tuseme kampuni yako inauza maji na soda kwa jumla Mbagala, Dar es Salaam, na inahitaji kenta ya tani tatu na nusu ya kusambaza mzigo madukani. Bei yake ni Sh60 milioni. Kampuni ya kukodisha magari nayo iko tayari kukupa kenta kama hiyo kwa miaka 4, kwa ada ya Sh14 milioni kila mwanzo wa mwaka. Ukinunua, unategemea kuiuza mwisho wa mwaka wa 4 kwa Sh24 milioni.

Wengi hupiga hesabu hivi: kukodi kutanigharimu Sh56 milioni, kununua ni 60 kutoa 24, yaani Sh36 milioni. Nanunua. Hesabu hiyo inachukulia kwamba shilingi ya leo na ile ya miaka 4 ijayo zina uzito mmoja, tena haijamwona mtu wa kodi ya mapato, ambaye yumo pande zote mbili.

Anza kwa kufuta yanayofanana. Mafuta, dereva, bima na matairi, kama mkataba unakuachia wewe, utavilipa kwa vyovyote vile, hivyo havina kazi hapa. Kama mwenye gari ndiye anayegharamia matengenezo, hapo ondoa kiasi hicho kwenye gharama ya kukodi.

Kisha tafuta kiwango cha kupunguzia fedha za mbele ziwe na thamani ya leo. Kukodi ni deni kwa jina lingine, kwa hiyo kipimo kinachofaa ni riba ambayo benki ingekutoza. Tuseme ni asilimia 15. Riba hupunguza faida inayotozwa kodi, na kampuni hutozwa asilimia 30, kwa hiyo mzigo wako halisi ni asilimia 10.5. Kila fedha ya mwaka ujao igawe kwa 1.105, ya mwaka unaofuata igawe mara mbili, na kuendelea. Milioni 1 ya mwisho wa mwaka wa 4 leo ina thamani ya kama Sh671,000 tu.

Sasa kununua. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania huruhusu gari la mizigo la chini ya tani 7 likatwe uchakavu wa asilimia 37.5 kila mwaka, kwa thamani iliyobaki. Mwaka wa kwanza unakata Sh22.5 milioni, na kodi inapungua kwa asilimia 30 ya hizo, yaani Sh6.75 milioni. Mwaka wa pili inapungua kwa Sh4.2 milioni, wa tatu Sh2.6 milioni. Mwanzoni mwa mwaka wa 4 vitabu vya kodi vinaonyesha gari la Sh14.6 milioni, nawe unaliuza kwa 24. Ziada ya Sh9.4 milioni ni mapato, inatozwa kodi ya Sh2.8 milioni, unabaki na Sh21.2 milioni. Ukizirudisha zote kwenye thamani ya leo unapata Sh25.7 milioni. Toa kwenye 60: kumiliki kunakugharimu Sh34.3 milioni.

Upande wa kukodi ni mwepesi. Ada 4 zina thamani ya leo ya Sh48.5 milioni. Kila ada inaokoa kodi ya Sh4.2 milioni mwisho wa mwaka wake, jumla Sh13.2 milioni kwa thamani ya leo. Gharama halisi: Sh35.3 milioni.

Ile tofauti ya Sh20 milioni imebaki Sh1 milioni. Kununua bado kunashinda, ila kwa pua. Kenta ikiuzwa Sh20 milioni badala ya 24, ushindi unahamia kwenye kukodi.

Kosa linaloharibu hesabu hizi mara nyingi ni kuingiza marejesho ya benki kama gharama ya kununua huku bei yote ya gari imeshahesabiwa. Hapo deni linahesabiwa mara mbili, kwa sababu riba tayari imo ndani ya kile kiwango cha asilimia 10.5. Na kama unalipa kodi kwa makadirio ya mauzo, au biashara ina hasara, punguzo la uchakavu halikuokolei chochote kwa sasa. Rudia hesabu bila kodi, kwa asilimia 15 kamili: kukodi ni Sh46 milioni, kununua Sh46.3 milioni.

Angalia pia mkataba. Ukisema gari litakuwa lako mwishoni kwa bei iliyopangwa, sheria ya kodi huuona kama ununuzi, na huwezi kukata ada yote kama matumizi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, waulize madalali watatu kenta ya umri wa miaka 4 inauzwaje leo. Chukua bei ya chini waliyokutajia, uiweke kwenye hesabu, halafu ndipo uamue.