Gharama ya mtaji: mkopo, hisa na nafuu ya kodi

Mtaji wa kampuni hutoka kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakopeshaji, ambao hutaka riba iliyoandikwa kwenye mkataba, mwaka uwe mzuri au mbaya. Wa pili ni wanahisa, ambao hawajaahidiwa kitu. Hula kinachobaki baada ya wengine wote kulipwa. Fedha zao nazo zina gharama, ingawa hakuna ankara inayoletwa mlangoni, kwa kuwa mwanahisa angeweza kuziweka kwenye hatifungani ya Serikali na kulala usingizi. Faida anayoidai ili akubali kubeba hatari zaidi ndiyo gharama ya hisa. Gharama ya mtaji wa kampuni nzima ni wastani wa hizo mbili, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa fungu lake.

Chukulia, kwa mfano wa kubuni, kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kilichopo Singida. Kinadaiwa na benki shilingi bilioni 1.2. Kina hisa milioni moja, na hivi karibuni mwanahisa mmoja aliuza zake kwa mtu wa nje kwa shilingi 1,800 kila moja, kwa hiyo hisa zote zina thamani ya bilioni 1.8. Mtaji wote ni bilioni 3: hisa ni asilimia 60, mkopo asilimia 40.

Riba inayohitajika hapa ni ile ambayo benki ingetoza leo, hata kama mkataba wa zamani una riba nyingine. Tuseme ni asilimia 16. Gharama ya hisa hukadiriwa, kwa sababu haikuandikwa popote. Njia iliyozoeleka huanzia kwenye faida ya hatifungani ya muda mrefu, tuseme asilimia 12, kisha huongeza malipo ya kubeba hatari. Ikiwa wawekezaji hudai nyongeza ya asilimia 6 kwa hisa za kawaida, na biashara ya alizeti inayumba mara moja na nusu kuliko biashara za kawaida, nyongeza inakuwa asilimia 9. Gharama ya hisa ni asilimia 21.

Hapo ndipo kodi inapoingia, na ndipo penye utamu wa hesabu hii. Kiwango cha kawaida cha kodi ya mapato ya kampuni nchini Tanzania ni asilimia 30. Riba hutolewa kwenye faida kabla kodi haijakokotolewa, ilhali gawio la wanahisa hutoka baada ya kodi. Kiwanda kikipata faida ya milioni 732 kabla ya riba na kodi, riba ya mwaka ni milioni 192, inabaki milioni 540, kodi ni milioni 162, na wanahisa wanabaki na milioni 378. Kisingekuwa na mkopo, kingetozwa kodi ya milioni 219.6. Tofauti ni milioni 57.6, ambayo ni asilimia 30 ya riba. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi 100 za riba, shilingi 30 zinarudi kwa njia ya kodi isiyolipwa. Mkopo wa asilimia 16 unakigharimu kiwanda asilimia 11.2.

Wastani basi hupatikana hivi:

(0.60 × 21) + (0.40 × 11.2) = 12.6 + 4.48 = 17.08

Gharama ya mtaji ni asilimia 17.08. Bila nafuu ya kodi ingekuwa 19. Namba hii inaweza kuhakikiwa kwa njia nyingine. Milioni 732 zikikatwa kodi ya asilimia 30 kana kwamba hakuna deni lolote, zinabaki milioni 512.4, na hizo ni asilimia 17.08 kamili ya bilioni 3. Faida ya kiasi hicho, iliyohesabiwa bila kugusa riba, ndiyo inayotosha kumlipa mkopeshaji asilimia 16 na mwanahisa asilimia 21. Nafuu ya kodi imekwisha kuingizwa ndani ya kiwango chenyewe.

Wengi hujikwaa hapo. Tuseme kiwanda kinataka kununua mtambo mpya wa kukamua kwa milioni 500, na mtambo huo utaleta milioni 80 kila mwaka baada ya kodi, kwa miaka mingi bila kikomo kinachoonekana. Thamani yake leo ni milioni 80 kugawanywa kwa 0.1708, yaani kama milioni 468. Mtambo unapoteza milioni 32. Lakini mhasibu akiongeza kwenye zile milioni 80 nafuu ya kodi ya mkopo wa milioni 200, yaani milioni 9.6, thamani inapanda hadi karibu milioni 525 na mtambo unaonekana kulipa. Nafuu ileile imehesabiwa mara mbili. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: mstari wa riba ukionekana popote kwenye makadirio ya fedha za mradi, pana tatizo.

Kosa la pili ni kuchukua uzito kutoka kwenye vitabu. Kama wanahisa waliweka milioni 600 miaka iliyopita, mizania itaonyesha kwamba mkopo ni theluthi mbili ya mtaji wote, na wastani utashuka hadi kama asilimia 14.5. Mtambo uleule utaonekana una thamani ya milioni 553. Ila hakuna mwanahisa wa leo anayedai faida juu ya bei ya zamani. Anadai juu ya shilingi 1,800 ambazo angeweza kuzipata akiuza.

Kwa kuwa mkopo ni nafuu, mwenye haraka atauliza kwa nini kiwanda kisikope hadi asilimia 70. Kwenye karatasi wastani ungeshuka hadi 14.14. Modigliani na Miller walionyesha mwaka 1958 kwa nini hesabu hiyo inadanganya: deni likikua, hatari ya mwanahisa inakua nalo, naye hudai zaidi. Mwaka 1963 walirekebisha hesabu yao ya kodi, wakaonyesha kwamba faida halisi ya mkopo inatokana na nafuu hiyo. Benki nayo hupandisha riba. Ikitoza asilimia 18 na wanahisa wakidai 28, wastani unafika 17.22, juu ya pale ulipoanzia.

Nafuu yenyewe ina masharti. Kampuni iliyopata hasara haina kodi ya kupunguza mwaka huo, kwa hiyo mkopo wake unaigharimu asilimia 16 nzima hadi faida irudi. Sheria ya Tanzania pia hukataa, kwa baadhi ya kampuni zenye wamiliki wa nje, riba ya deni linalovuka uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji wa hisa. Zaidi ya hayo, asilimia 17.08 ni ya biashara ya kukamua alizeti kwa mchanganyiko huu wa mtaji. Kiwanda kikitaka kuanzisha biashara ya malori, hatari ni nyingine na kiwango ni kingine.

Kwa mtambo wa kukamua, jibu liko wazi: kwa milioni 500 haufai kununuliwa. Muuzaji akishuka chini ya milioni 468, unafaa.