MAJI HAYAFIKI CHINI YA GUNIA

Mpanda mvua ni moja tu kwa mwaka. Huanza Novemba, hukoma Aprili, na baada ya hapo mwenye nyumba wa Makanyagio au Nsemulwa hukaa karibu miezi sita bila kuona tone. Hiyo ndiyo miezi ambayo mboga sokoni hupanda bei, na ndiyo miezi ambayo magunia ya mboga huonekana uani, nyuma ya jiko, mahali ambapo hata tuta moja lisingepata nafasi. Mengi yake hufa kabla ya Agosti. Wenye magunia husingizia jua, ama wadudu, ama mbegu mbovu. Sisi twadai kwamba sababu kubwa ni moja, nayo ni kwamba maji hayafiki chini.

Twasema hivi kwa kuwa yametupata. Gunia letu la kwanza tulilijaza udongo mzuri, tukapanda sukuma wiki juu na ubavuni, tukalimwagilia kila jioni kwa uaminifu mkubwa. Juu palistawi hata majirani wakatusifu. Lakini miche ya mstari wa chini ilidumaa, majani yakawa ya manjano, ikanyauka mmoja mmoja. Tulidhani maji ni machache, tukaongeza, na mambo yakawa mabaya zaidi, maana sasa mizizi ya juu ilianza kuoza. Mwishowe tulilipasua gunia kwa kisu. Theluthi ya juu ilikuwa tope. Theluthi ya chini ilikuwa vumbi kavu kama la barabarani. Mwezi mzima wa maji haukuwa umefika huko.

Dawa yake ni nguzo ya kokoto katikati ya gunia, kutoka chini hadi juu. Jambo hili si geni. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi nchini Kenya, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwafundisha wakazi wa Kibera, Nairobi, kupanda mboga katika magunia, na magunia yale yalikuwa na nguzo ya mawe ndani yake. Wengi walioiga baadaye waliona gunia na majani, nguzo hawakuiona, kwa sababu imefichika.

Basi na tuijenge. Chukua gunia la salfeti la kilo mia, na kopo la rangi la lita nne lililokatwa tako, likabaki wazi pande zote mbili. Kwanza chagua mahali penye jua la saa sita kwa siku au zaidi, tena uwe na hakika napo, kwa maana gunia lililojaa na kulowa hupita kilo mia na hamsini, wala halihamishiki. Lisimamishe juu ya vipande vya matofali ili maji yanayozidi yapate pa kutokea. Kunja midomo ya gunia hadi chini, simamisha kopo katikati, lijaze kokoto zenye ukubwa wa yai. Kisha jaza udongo kulizunguka kopo hadi karibu na ukingo wake, ukiushindilia kwa mkono kidogo tu. Hapo livute kopo juu taratibu. Kokoto hubaki zimesimama, zimeshikwa na udongo. Lijaze tena kokoto, zungushia udongo, vuta. Hivyo hivyo hadi juu. Kokoto zitakazotumika ni ndoo moja kubwa ya lita ishirini, au pungufu kidogo.

Udongo wenyewe ni ndoo sita za namna hiyo: tatu za udongo wa juu wa shambani, mbili za samadi iliyoiva, na moja ya mchanga wa mto. Samadi iliyoiva huijua kwa mkono na pua: haina joto ndani, hainuki, na nyasi alizokula ng'ombe huzioni tena. Iliyo mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi kwa muda wa wiki moja. Asiyepata mchanga aweza kutumia makapi ya mpunga, ambayo mashine zetu huyatupa kwa malundo, lakini ayaunguze kwanza mpaka yawe meusi bila kuwa majivu. Makapi mabichi huyafukuza maji, na yanapooza hula chakula cha mmea.

Yako mambo mawili ya mkoani kwetu ambayo kitabu cha mji mwingine hakitakuonya. La kwanza ni tumbaku. Mashina na vumbi la tumbaku visiingie katika gunia hata kidogo, kwa kuwa ugonjwa wa batobato huishi ndani ya tumbaku kavu kwa muda mrefu na kuhamia kwenye nyanya na pilipili. La pili ni udongo wa machimboni. Mji huu ulipata reli yake kutoka Kaliua kwa sababu ya mgodi wa risasi, na leo wachimbaji wadogo wa dhahabu husafisha mchanga wao kwa zebaki. Udongo uliotoka kwenye mabaki ya kazi hizo waweza kuonekana laini na safi, kumbe una sumu isiyoondoka kwa kuosha mboga wala kwa kuipika.

Gunia likishajaa, limwagilie kwa siku tatu bila kupanda, kwa maana udongo utashuka, uongeze. Kisha toboa matundu ubavuni, ya kupita vidole viwili, ukianzia shibiri moja kutoka chini, shibiri moja baina ya tundu na tundu, mistari ikipishana. Gunia moja huchukua miche ishirini hivi ubavuni: sukuma wiki, chinese, mnavu. Nyanya hukaa juu, na isizidi miwili. Pandikiza jioni, mizizi ikielekea chini.

Katika kiangazi cha Mpanda gunia hili hunywa lita kumi hivi kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Sehemu kubwa uimimine polepole juu ya kokoto, iliyobaki juu ya udongo. Kisha tia kidole katika tundu la chini kabisa. Ukikuta unyevu, yatosha. Maji yakitoka chini mara tu umimiminapo, na kidole kikatoka kikavu, udongo umekauka ukaachana na kokoto. Mimina kidogo kidogo mara nne tano hadi uvimbe tena. Kidole kikitoka kinanuka yai viza, punguza. Maji ya kuoshea mchele na mboga yafaa kabisa. Ya sabuni ya kufulia tumeyaacha, kwani huacha ukoko mweupe juu ya udongo na mimea hudhoofika.

Wengine watauliza juu ya ndoo mbovu na madumu yaliyokatwa. Humo mambo ni kinyume. Gunia huvuja lenyewe kwa mfumo wake, ndoo haivuji. Toboa matundu sita ya ukubwa wa kidole chini yake, wala usipange kokoto chini kama watu wafanyavyo. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo mwembamba kuingia kwenye kokoto. Husimama juu ya tabaka hilo, na mizizi husimama ndani yake. Jaza udongo ule ule hadi chini.

Gunia la salfeti hupasuliwa na jua baada ya mwaka mmoja, likiwa na bahati miwili. Ukiona nyuzi zinakatika kwa kuguswa, usingoje lipasuke: limwage mboga zikiisha, kokoto zioshe uzitunze, na udongo uuchanganye na ndoo moja ya samadi mpya kabla ya kuurudisha katika gunia jingine. Nyanya zikiwa zimeugua, udongo ule wape mchicha.