"Yupi?": Swali Linaloamua kati ya "a" na "the"

Mzazi amefika kwenye geti la shule ya sekondari mjini Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe. Anamwambia mlinzi: "Namtafuta mwalimu mmoja anayefundisha hesabu." Mzazi anamjua mwalimu huyo kwa sura na kwa jina, walishaongea hata kwa simu. Mlinzi ndiye asiyejua anatafutwa nani, kwa sababu walimu wa hesabu pale shuleni wako watatu.

Siku hiyohiyo huko Nkwenda, wilayani Kyerwa, mwenye duka amekuta pikipiki imeegeshwa mlangoni na wateja hawana pa kupita. Anatoka nje na kupaza sauti: "Namtafuta mwenye pikipiki hii!" Yeye hamjui kabisa mtu huyo. Anaweza kuwa mzee au kijana, mwenyeji au mpita njia.

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili sentensi hizi mbili azitie kwenye Kiingereza, na si ajabu akakosea zote mbili kwa mantiki moja. Mwalimu anafahamika, kwa hiyo ataandika "the teacher". Mwenye pikipiki hafahamiki, kwa hiyo ataandika "an owner". Kiingereza kinataka kinyume chake: "I am looking for a teacher who teaches mathematics", na "I am looking for the owner of this motorcycle".

Kosa hili halitokani na uvivu. Mwaka 2004 wanaisimu Tania Ionin, Heejeong Ko na Kenneth Wexler walichapisha utafiti juu ya watu wazima waliokuwa wakijifunza Kiingereza, ambao lugha zao za kwanza ni Kirusi na Kikorea. Lugha hizo, kama Kiswahili, hazina vijineno hivi. Waliwapa mazungumzo mafupi yenye nafasi iliyoachwa wazi, wakawataka wachague "a", "the" au waache bila kitu. Makosa hayakutawanyika ovyo. Yalirundikana mahali pawili: pale ambapo msemaji ana mtu mahususi kichwani lakini msikilizaji hamjui, mara nyingi zaidi walitumia "the" isivyostahili, na pale ambapo msemaji mwenyewe hamjui mhusika, ingawa hawezi kuwa zaidi ya mmoja, walielekea kwenye "a". Ni getini Kayanga na dukani Nkwenda hasa.

Watafiti hao wanaeleza kwamba lugha zenye vibainishi vya namna hii zinaweza kufuata moja ya njia mbili. Zipo zinazouliza kama msemaji ana mtu mahususi akilini. Kisamoa hutajwa kuwa mfano. Zipo zinazouliza kama msemaji na msikilizaji wote wawili wanaweza kukikamata kitu kilekile kimoja, na Kiingereza kimo humo. Anayetoka kwenye lugha isiyo na njia yoyote kati ya hizo huyumba, leo akifuata hii na kesho ile, mpaka mifano mingi ya Kiingereza itakapomweka sawa.

Kwa hiyo darasani mimi naona kanuni ya "kitu kinachojulikana" ingefutwa, maana haisemi kinajulikana na nani. Badala yake mwanafunzi ajiweke kwenye masikio ya mwenzake: je, nikisema hivi, msikilizaji ana haki ya kuniuliza "yupi?" au "kipi?" Mlinzi ana haki hiyo, na jibu litamsaidia. Lakini ukisikia mtu anamtafuta mwenye pikipiki hii, swali la "mwenye yupi?" halina maana, kwa sababu pikipiki moja ina mwenye mmoja. "The" haidai kwamba mtu anafahamika kwa jina. Inadai kwamba hakuna wa kuchanganywa naye.

Je, Kiswahili hakitusaidii hapa? Kidogo. Tunapoanza hadithi tunasema "palikuwa na mzee mmoja", na tukimrudia tunasema "yule mzee". E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliona kwamba kionyeshi kikitangulia nomino hufanya kazi iliyo karibu na ile ya "the". Pia kuna tofauti kati ya "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu": hiyo "ki" ya kati huashiria kitabu ambacho tumeshakizungumzia. Kwa watu, hata hivyo, alama hiyo haitofautishi mambo kwa namna hiyo. Tazama tena sentensi zetu mbili: zote zina "namtafuta", na ile "m" ni moja, ingawa Kiingereza kimezitenganisha.

Mtoto wa Karagwe ana jambo jingine la ziada. Nyumbani kwake wanasema Kinyambo, ambacho mwanaisimu Josephat Rugemalira amekiandikia sarufi, na nomino za Kinyambo huanza na irabu ambayo Kiswahili hakina: "omuntu" kwa mtu, "ekitabo" kwa kitabu, "ente" kwa ng'ombe. Wageni walipokutana na irabu hiyo katika lugha za ukoo huu, baadhi yao walidhani wameona "the" ya Kibantu. Haiko hivyo, kwa kuwa "omuntu" anaweza kuwa mtu yeyote au yule tuliyemtaja jana. Irabu hiyo huja na kuondoka kwa sababu nyingine, ikiwamo ukanushi. Waganda, majirani wa ukoo huohuo, husema "nnalaba omuntu" wakimaanisha nilimwona mtu, na wakikanusha husema "ssaalaba muntu", yaani sikuona mtu. Anayefananisha "o" ya "omuntu" na "the" ataibandika "the" kwenye karibu kila nomino, na insha itajaa.

Tufuate kisa kifupi tuone swali la "kipi?" linavyokwenda sentensi kwa sentensi. Mjomba alinunua baiskeli Kayanga. Karibu na Omurushaka mnyororo ukakatika, akaipeleka baiskeli kwa fundi. Fundi akaomba mafuta.

"My uncle bought a bicycle in Kayanga." Baiskeli ndiyo kwanza inatajwa na Kayanga zinauzwa nyingi, hivyo "a". "My uncle" haipewi kitu, kwa sababu "my" imeshakalia kiti hicho. "The my uncle" haiwezekani. Kisha: "Near Omurushaka the chain broke." Hapa wengi hujikwaa. Mnyororo haujatajwa hata mara moja, kwa nini usiwe "a chain"? Kwa sababu baiskeli ilipoingia kwenye maelezo iliingia na vyake vyote: mnyororo mmoja, usukani mmoja, tandiko moja. Msikilizaji hatauliza mnyororo upi. Ingekuwa ni njiti ya gurudumu iliyovunjika, tungesema "a spoke", maana njiti ziko nyingi na swali la ipi linabaki wazi. John Hawkins alilichambua jambo hili kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu matumizi ya "the" na "a" katika Kiingereza, na walimu wangeokoa muda mwingi kama wangelifundisha mapema. Kanuni ya "mara ya kwanza a, mara ya pili the" inaangukia hapahapa.

"He took the bicycle to a mechanic." Baiskeli ni ileile, fundi ni mmoja kati ya mafundi. "The mechanic asked for oil." Fundi sasa amekwisha kuingia, lakini mafuta hayana kitu mbele yake. Hapo tumefika kwenye swali linalopaswa kuulizwa hata kabla ya "kipi?": je, kitu hiki Kiingereza kinakihesabu? Kahawa ya Karagwe ni mfano mzuri. "Coffee grows well in Karagwe" inazungumzia kahawa kwa jumla, na haichukui kitu. "The coffee we sold last year" ni mzigo mmoja unaojulikana, ule tuliouza mwaka jana. "A coffee" ni kikombe kimoja mezani. Vivyo hivyo ndizi kwa jumla ni "bananas", na anayeandika "the bananas are our main food" amemfanya msomaji atazame mezani kutafuta ni zipi. Hatari kubwa iko kwenye maneno ambayo sisi tunayahesabu na wao hawayahesabu: taarifa moja na taarifa mbili kwetu ni sawa, lakini "an information" haipo.

Majina ya mahali yana utaratibu wake, na wakazi wa huku wanao mfano wa karibu. "Kagera" bila kitu ni mkoa, ule ulioitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979. "The Kagera" ni mto. Mito huchukua "the" kwa kuwa neno "river" limo ndani hata lisipotamkwa. Maziwa hayachukui, kwa sababu "Lake" katika "Lake Victoria" imekaa kama cheo mbele ya jina. Ndivyo ilivyo kwa mfalme aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861: "King Rumanyika" kwa cheo, lakini "the king of Karagwe" kwa maelezo. Hiyo "of" mara nyingi huivuta "the": Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni "Kyerwa District", ila ukiigeuza inakuwa "the district of Kyerwa".

Kuna mahali swali la "yupi?" halifiki. Mtoto anayesoma "goes to school", na mzazi anayekwenda kwenye kikao "goes to the school", kwa sababu cha kwanza ni shughuli na cha pili ni majengo. Lakini mgonjwa aliyelazwa, Mwingereza atasema yuko "in hospital" na Mmarekani "in the hospital", na hapo hakuna mantiki ya kutafuta. Ni desturi tu.

Imebaki "an", ambayo ndiyo ya zamani kuliko "a". Zote mbili zimetokana na neno la moja, na "n" ilidondoka mbele ya konsonanti. Kinachoamua ni sauti, na herufi haina kauli. Kijana wa Murongo, mpakani, huwaona madereva wa Uganda kila siku naye huwaandika "an Ugandan driver", kwani kwa Kiswahili Uganda inaanza na irabu safi. Waingereza huitamka kama "Yuganda", na "y" ni konsonanti, hivyo ni "a Ugandan driver", kama ilivyo "a university". Kwa "hour" mambo ni kinyume: "h" imeandikwa lakini haitamkwi, nayo ni "an hour". Na kwa "historic" Waingereza wenyewe wamegawanyika, wengine wakiandika "an" na wengine "a".