Ukiambiwa una virusi vya HPV

Tuseme mama wa miaka 36, mwuza mboga huko Kayole, amepimwa na kuambiwa ana virusi vya HPV. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni saratani, na la pili ni mumewe.

Kipimo hiki hakitafuti saratani. Kinatafuta virusi ambavyo, vikikaa mwilini miaka mingi, vinaweza kuharibu mlango wa kizazi. Mama huyo alipewa kijiti chenye pamba, akakiingiza mwenyewe ukeni na kukizungusha, kisha kikapelekwa maabara. Virusi hivi huenezwa kwa kujamiiana, na wengi wetu huvipata wakati mmoja au mwingine. Kwa kawaida mwili huvishinda baada ya mwaka mmoja au miwili. Ndiyo sababu kipimo huanzia miaka 30: mwanamke wa miaka 22 angetiwa hofu bure kwa virusi ambavyo vingetoweka vyenyewe.

Kuhusu mume, virusi hivi huweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Majibu hayaonyeshi ni nani aliyevileta wala ni lini. Anayevunja nyumba yake kwa karatasi hiyo anasoma yasiyoandikwa.

Hakuna dawa ya kumeza inayoua virusi hivi. Kinachotibiwa ni madhara yake, kwa hivyo hatua inayofuata ni kuyatafuta. Muuguzi hupaka siki isiyo kali kwenye mlango wa kizazi, akangoja kama dakika moja. Sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe. Ikiwa ni ndogo na yote inaonekana, huchomwa kwa kifaa chenye joto kwa sekunde 20 hadi 30 hivi, na mama huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Atatokwa na majimaji kwa majuma kadhaa, na hupaswa kujiepusha na tendo la ndoa kwa mwezi mmoja. Ikiwa sehemu hiyo ni kubwa, au imeingia ndani mahali muuguzi haoni, atapelekwa hospitali kubwa.

Tuseme siki haikuonyesha kitu kwa mama wetu. Hatibiwi, anaambiwa arudi kupimwa baada ya mwaka. Hapa ndipo mambo huharibika, kwa sababu hana maumivu, biashara inamngoja, na mwaka unapita. Kumbe virusi vinavyokataa kutoka ndivyo vya kuogopwa. Kwa kawaida saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kutokea, lakini kwa mama mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Asiyepatikana na virusi vya HPV hurudi baada ya miaka 5, na mwenye virusi vya Ukimwi hurudi mapema zaidi. Lakini mama anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asingoje zamu ya kupimwa. Amwone daktari juma hilo hilo.