Mwezi wa Mei uliopotea kwenye slipu

Jirani yangu, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja binafsi, alinijia jioni moja mwanzoni mwa Septemba na slipu zake za mshahara zimekunjwa ndani ya daftari la mtoto. Alikuwa anaomba mkopo, na benki ilitaka slipu ya Agosti. "Kaka, nimeikagua hii ya Agosti, iko sawa," akaniambia. "Ila jumla ya kodi ya mwaka naiona ndogo."

Nimeandaa mishahara ya watu kwa miaka mingi, na ninajua kwamba wafanyakazi wengi husoma mstari mmoja tu wa slipu, ule wa fedha zinazoingia mkononi. Safu ya pembeni, yenye herufi YTD, huachwa. Safu hiyo ni jumla ya kila kitu tangu mwanzo wa mwaka: mshahara ghafi, michango ya NSSF, kodi ya PAYE, mikopo. Kila mwezi mfumo huchukua jumla ya mwezi uliopita, ukaongeza ya mwezi huu, ukachapa.

Kabla ya kujumlisha chochote, jua kwanza hesabu inaanzia wapi. Mwaka wa kodi kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara ni Januari hadi Desemba, lakini wapo waajiri ambao mfumo wao unafuata mwaka wa fedha wa Julai hadi Juni. Huna haja ya kumuuliza mtu. Tafuta slipu ambayo jumla ya mwaka inalingana kabisa na kiasi cha mwezi huo. Hapo ndipo hesabu ilipoanzia. Kwa jirani yangu ilikuwa Januari. Na kama umeingia kazini katikati ya mwaka, ulichokatwa kwa mwajiri wa zamani kwa kawaida hakimo.

Tukapanga slipu nane juu ya meza. Kuanzia Januari hadi Aprili mshahara wake ulikuwa shilingi 900,000. NSSF walimkata asilimia 10, yaani 90,000. Zilizobaki, 810,000, ndizo zilizotozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, anayeangukia kati ya 760,000 na 1,000,000 hulipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kwake kilichozidi ni 50,000, robo yake 12,500, basi kodi ikawa 80,500 kila mwezi.

Aprili alipandishiwa mshahara hadi 1,000,000, lakini barua ilichelewa. Nyongeza ya Aprili ikalipwa Mei kama malimbikizo, hivyo Mei alipata 1,100,000, NSSF ikawa 110,000 na kodi 125,500. Juni, Julai na Agosti mambo yakatulia: mshahara 1,000,000, NSSF 100,000, kodi 103,000, mkononi 797,000.

Akaandika kodi za miezi yote kwenye daftari, moja chini ya nyingine, na kuzijumlisha kwa simu. Miezi minne ya kwanza, 322,000. Ukiongeza Mei, 447,500. Ukiongeza mitatu ya mwisho, 756,500. Slipu ya Agosti ilisema 631,000.

Sasa hapa ndipo watu hukosea. Yeye alikuwa ameikagua slipu ya Agosti, na kwa namna yake alikuwa sahihi: alichukua jumla ya Agosti, 631,000, akatoa jumla ya Julai, 528,000, akapata 103,000, kodi ileile ya Agosti. Ukaguzi huo unathibitisha jambo moja tu, kwamba mwezi wa mwisho umeongezwa vizuri juu ya jumla ya mwezi uliotangulia. Kama jumla hiyo ya nyuma ilikuwa na tundu, tundu linabebwa mwezi hadi mwezi na kila mwezi mpya unaonekana safi. Ndiyo maana lazima ujumlishe slipu zote tangu mwanzo wa hesabu, au uikague hatua kila mwezi, siyo ya mwisho peke yake.

Tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Julai ikawa sawa. Tulipofika Juni tukakuta jumla ya kodi ni 425,000, ilhali ya Mei ilikuwa 447,500. Jumla ya kodi ilikuwa imeshuka, na hakuna aliyerudishiwa kodi. Jumla ya mwaka haishuki bila sababu inayoandikwa kwenye slipu.

Tofauti yenyewe ikatuonyesha kosa. Kutoka 756,500 ukitoa 631,000 inabaki 125,500, kodi ya Mei hadi shilingi ya mwisho. Tukatazama NSSF: slipu zinajumlisha 770,000, safu inasema 660,000, pungufu 110,000. Mshahara ghafi pungufu 1,100,000. Yote matatu yalikuwa ya Mei. Tofauti ikilingana na mwezi mzima kwenye kila mstari, mwezi huo umerukwa. Ingekuwa kwenye mstari mmoja tu, ningeshuku makato yaliyobadilishwa jina: jumla ya zamani hubaki kwenye jina la zamani na jina jipya huanzia sifuri. Tofauti ya shilingi chache mara nyingi ni ya kukadiria desimali tu, na sijawahi kumshauri mtu aifuate.

Alipouliza kazini, mhasibu alikumbuka mara moja. Mwanzoni mwa Juni hospitali ilihamia mfumo mpya wa mishahara, na jumla za kuanzia zilizoingizwa zilikuwa za mwisho wa Aprili. Mei ilibaki kwenye mfumo wa zamani.

Lakini hili bado halikujibu swali lililomkosesha usingizi: fedha za Mei zilipelekwa? Slipu ni maandishi ya mwajiri. Safu ya jumla ikiwa sawa haithibitishi kwamba mchango ulifika, na ikiwa na kosa haithibitishi kwamba haukufika. Kwa NSSF akaomba taarifa ya michango yake. Mei ilikuwepo, 220,000: zake 110,000 na za mwajiri 110,000. Kilichopotea kilikuwa kumbukumbu ya mfumo, fedha zilikuwa zimefika.

Nilimsihi awe makini na namna ya kusahihisha. Mhasibu mwenye haraka anaweza kuingiza ile 125,500 kama kodi ya Septemba ili jumla ifike inapotakiwa. Safu ya mwaka itapendeza, na mfanyakazi atakatwa kodi ya Mei mara ya pili. Kinachotakiwa ni kurekebisha jumla za kuanzia ndani ya mfumo, bila kugusa malipo ya mwezi. Akaandika barua fupi yenye mistari mitatu, mshahara ghafi, NSSF na PAYE, kila mmoja na kiasi cha Mei kilichorukwa, akaambatisha nakala ya slipu za Mei na Juni.

Slipu ya Septemba ilipotoka alikuja nayo mbio, hata viatu vya kazini hajavua. Tukaangalia namba mbili tu. Jumla ya kodi: 859,500, yaani 756,500 za slipu nane na 103,000 za Septemba. Kisha mstari wa chini, fedha ya mkononi: 797,000, kama ya Agosti.