Shamba Moja, Siku Mbili: Mchezo Unapokuuliza Ubaki na Lipi

Dirisha hujitokeza wakati mbaya. Umerudi nyumbani, umebofya ili mchezo ufunguke, lakini Steam inakuambia kwamba faili zilizo kwenye kompyuta hii hazifanani na zilizo kwenye wingu. Inaonyesha tarehe mbili na inataka uchague moja. Wengi hubofya ile ya karibuni, kisha wanaingia shambani na kukuta ng'ombe waliowanunua hawapo.

Naizungumzia Stardew Valley kwa sababu ni mchezo ambao watu huuchezea kwenye mashine zaidi ya moja, na kwa sababu faili zake zinasomeka hata na asiye fundi. Huo ni mchezo wa kilimo uliotoka mwaka 2016. Haukuruhusu kuhifadhi wakati wowote upendao: kazi yako huhifadhiwa mhusika wako anapolala na siku kwisha. Siku moja, ukiimaliza yote, huchukua kama dakika 14.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye kompyuta ya mezani nyumbani na laptopu hosteli. Mhusika wake anaitwa Zawadi. Ijumaa usiku yuko nyumbani, anaanza asubuhi ya tarehe 9 ya majira ya joto, mwaka wa pili wa mchezo, na analala siku sita mfululizo hadi tarehe 15. Katikati ya kucheza bando linakwisha. Mchezo haumwambii kitu, kwa kuwa hauhitaji intaneti ili uendelee. Anatoka na kuzima kompyuta.

Steam hufanya kazi yake mara mbili: kabla mchezo haujafunguka hushusha yaliyo kwenye wingu, na baada ya kutoka hupandisha yaliyobadilika. Ijumaa ile kupandisha hakukufanyika. Jumamosi hosteli, laptopu ikashusha kilichokuwepo, yaani shamba la tarehe 9. Akacheza siku tatu hadi tarehe 12, akatoka, na safari hii yakapanda vizuri. Jumapili anarudi nyumbani na dirisha linamngoja.

Kiini cha mgongano ni kwamba pande zote mbili zimebadilika tangu zilipolingana mara ya mwisho. Kama ingebadilika moja tu, Steam ingeichukua hiyo bila kukuuliza. Zikibadilika zote, haiwezi kuziunganisha, maana haijui ng'ombe ni nini wala fedha ni nini. Inachojua ni kwamba faili hii si ile, na kwamba moja iliandikwa saa fulani.

Saa hiyo ndiyo inayopotosha. Katika mfano wetu wingu lina tarehe ya Jumamosi na kompyuta ya mezani ina ya Ijumaa, kwa hiyo wingu ndilo jipya. Lakini shamba lililo mbele ni la Ijumaa, lenye siku sita za kazi dhidi ya tatu. Ongeza hapo kompyuta za mitumba ambazo betri ndogo ya ubao mama imekufa, zikiwashwa bila intaneti saa yake inarudi miaka nyuma. Tarehe inayoonyeshwa kwenye dirisha ni ya faili kuandikwa, nayo haikuambii umefika wapi katika mchezo.

Basi usichague bado. Ghairi dirisha, mchezo usifunguke. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika njia hii kisha bonyeza Enter:

```
%appdata%\StardewValley\Saves
```

Utakuta folda kwa kila shamba, yenye jina la mhusika na tarakimu, mfano `Zawadi_318204977`. Nakili folda nzima ya `Saves` uiweke kwenye flashi au popote nje ya hapo. Kuanzia sasa, hata ukikosea kubofya, shamba la Ijumaa haliwezi kupotea.

Upande wa wingu nao unaweza kuuona kabla ya kuamua, jambo ambalo wachezaji wengi hawalijui. Fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti yako kupitia `store.steampowered.com/account/remotestorage`, tafuta Stardew Valley, na ushushe faili zilizoorodheshwa hapo. Ziweke kwenye folda yake, mbali na zile ulizonakili.

Sasa una nakala mbili mkononi. Katika kila moja kuna faili ndogo iitwayo `SaveGameInfo`. Ifungue kwa Notepad. Maandishi yatajaa skrini bila mpangilio, lakini bonyeza Ctrl na F utafute neno `ForSaveGame`. Ile ya nyumbani itaonyesha hivi:

```
<dayOfMonthForSaveGame>15</dayOfMonthForSaveGame>
<seasonForSaveGame>1</seasonForSaveGame>
<yearForSaveGame>2</yearForSaveGame>
```

Majira huhesabiwa kuanzia sifuri, kwa hiyo 1 ni majira ya joto. Ile ya wingu itasema 12. Hapo umejua kwa hakika kipi kiko mbele, bila kutegemea saa ya mashine yoyote. Tafuta pia `<money>` uone fedha, kwani siku nyingi si lazima ziwe ndizo siku bora. Kama zile tatu za hosteli ndizo zilizokupa kitu ulichokitafuta mwezi mzima, chukua wingu. Uamuzi huo ni wako, maana wewe ndiye uliyelima.

Fungua mchezo tena, chagua upande ulioamua, na kabla ya kuingia shambani tazama orodha ya mashamba: huonyesha tarehe, fedha na saa ulizocheza. Zikilingana na ulizosoma, endelea.

Kuna hali moja ambayo huumiza zaidi. Nyumbani ulicheza shamba la Zawadi, hosteli ukacheza shamba jingine kabisa la Baraka. Dirisha halikuulizi kuhusu kila shamba peke yake; jibu lako linahusu faili zote za mchezo. Ukichagua kompyuta, Baraka anarudi nyuma. Ukichagua wingu, Zawadi ndiye anayerudi nyuma. Hapa nakala zako zinaokoa yote mawili, kwa kuwa kila shamba lina folda yake. Chagua wingu, ingia kwenye mchezo hadi orodha ya mashamba, kisha toka. Mchezo ukiwa umefungwa, futa folda ya Zawadi iliyoshuka na uweke ile uliyonakili. Ukifungua tena, Steam itaona kompyuta tu ndiyo iliyobadilika, na itapandisha bila swali.

Ukiwa na Steam Deck, kumbuka kwamba kubonyeza kitufe ili skrini izime si sawa na kutoka kwenye mchezo. Kwa michezo mingi, kupandisha hungoja utoke kabisa. Na toleo la simu haliingii kwenye wingu la Steam, kwa hiyo usitarajie shamba la simu lijitokeze kwenye kompyuta.

Na kama ulishabofya vibaya kabla ya kusoma haya? Kilichoandikwa juu ya faili kimeshafuta, lakini mashine ya pili bado ina nakala yake kwenye diski, mpaka itakapokutana na wingu. Kwa hiyo kama nyumbani ulichagua kompyuta na sasa unazililia zile siku tatu za hosteli, laptopu usiipe Wi-Fi wala hotspoti ya simu. Iwashe bila intaneti, nenda kwenye folda ya `Saves`, na unakili kila kitu kabla ya kuiunganisha.